Tipa au Flatibedi: Kulisoma Lori Katika Picha ya Kando ya Barabara

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimepata kazi ya muda ya kuainisha malori kutokana na picha zinazopigwa kando ya barabara ya Arusha–Moshi, pale Kikatiti. Kila lori tunatakiwa kuandika kama ni tipa, boza, flatibedi au boksi, kisha idadi na mpangilio wa ekseli. Picha hii niliyoambatanisha imetugawa. Ni lori refu, lina kuta ndefu, limefunikwa turubai na limejaa vumbi jekundu. Wenzangu wanasema ni tipa kwa sababu linabeba moramu. Mimi sina hakika. Kwenye ekseli nako mmoja amehesabu tano, mwingine sita. Tunalisomaje?

Jibu: Marahaba. Kwa picha hiyo ningeandika flatibedi yenye kuta za kufunguka, ikiwa ni semi, yaani kichwa kinachovuta trela lililokiegemea, ya ekseli sita ambayo wakati wa picha ilikuwa inatembelea ekseli tano. Wenzako wameongozwa na vumbi, na vumbi halithibitishi aina ya bodi. Semi zenye kuta hubeba moramu, kokoto na pozolana kila siku, na mzigo huo hushushwa kwa sepetu baada ya kufungua kuta. Vilevile utaona tipa zikipakia mahindi au matofali. Mzigo hubadilika kila safari, bodi haibadiliki.

Kwa hiyo unapofungua picha, jiulize lori hilo linashushaje mzigo wake. Tipa huinua bodi yake ili mzigo umwagike, boza hutoa mzigo kwa bomba, flatibedi hushushiwa kutoka ubavuni au juu, na boksi hutolewa mzigo kupitia milango. Kila namna ya kushusha huacha alama kwenye chuma, na alama hizo huonekana hata lori likiwa limefunikwa lote. Karibu zote ziko sehemu tatu: nafasi iliyo kati ya kebini na bodi, mstari ambapo bodi inakutana na chesi, na mwisho wa lori huko nyuma.

Tuanze na tipa, kwa kuwa ndiyo iliyowagawa. Tipa kubwa, iwe ya ekseli tatu au nne au trela la semi, kwa kawaida huwa na jeki ya haidroliki iliyosimama mbele ya bodi. Ni bomba nene lililoundwa kwa mabomba yanayoingiana, na huonekana katika upenyo ulio kati ya mgongo wa kebini na ukuta wa mbele wa bodi. Picha ikipigwa kwa ubavu, upenyo huo huwa wazi na mara nyingi jeki huonekana kama nguzo moja ya wima. Juu yake, ukuta wa mbele wa tipa nyingi huwa na kikofia kinachochomoza kuelekea kebini ili mawe yasimwangukie dereva wakati wa kupakia. Lakini angalia: tipa ndogo za aina ya Fuso na Kanta nyingi zina jeki chini ya sakafu, katikati ya chesi, ambako kivuli huificha kabisa. Kwa hizo, kutoiona jeki si ushahidi wa chochote.

Hapo ndipo mstari wa bodi na chesi unapokusaidia. Bodi ya tipa lazima inyanyuke, kwa hiyo imeshikwa kwa bawaba za nyuma na kwa jeki tu, na sehemu nyingine yote imelala juu ya chesi bila kufungwa. Ukikuza picha utaona mstari mwembamba wa giza ukienda kutoka mbele hadi nyuma bila kukatizwa na yubolti wala kipande cha chuma kinachounganisha juu na chini. Katika lori lisilo na trela ambalo bodi yake haiinuki, utaona yubolti au vishikizo vya chuma kila baada ya umbali fulani, vikiibana bodi na chesi. Katika semi ya flatibedi hali ni tofauti kidogo, kwa sababu mihimili yake mikuu ni sehemu ya sakafu yenyewe, na hakuna fremu mbili zilizopandana. Semi ya tipa ina fremu mbili: ya chini yenye ekseli, na bodi iliyo juu yake. Ukiona trela refu lenye mstari wa kuachana kati ya fremu na bodi, anza kufikiria tipa.

Sehemu ya tatu ni nyuma. Mlango wa tipa hufungwa kwa pini zilizo juu, kwenye pembe mbili, ili bodi ikiinuka mlango uning'inie na kuacha mzigo upite chini yake. Kwa hiyo juu ya pembe za nyuma huonekana masikio mawili ya chuma yaliyobeba pini hizo, na kwa chini huonekana makomeo. Pamoja na hilo, bodi ya tipa haizidi sana tairi la mwisho. Wakati wa kumwaga, uzito mkubwa huelemea bawaba za nyuma, kwa hiyo bawaba hizo huwekwa karibu na ekseli ya mwisho, na bodi huishia hapo au nyuma kidogo tu ya hapo. Flatibedi haina sababu ya kujizuia hivyo, na sakafu yake inaweza kuendelea nyuma kwa umbali unaozidi upana wa tairi zima.

Sasa rudi kwenye picha yako, ukiikuza taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Nyuma ya kebini kuna upenyo, lakini ndani yake zinaonekana nyaya na mipira ya breki tu, hakuna nguzo ya jeki. Ukuta wa mbele wa trela ni wa wima, hauna kikofia. Chini ya pindo la turubai, kwenye ukingo wa chini wa ukuta, kuna safu ya bawaba ndogo, na kati ya kipande kimoja cha ukuta na kingine kuna nguzo zenye makomeo. Hizo ni kuta zinazoangushwa chini, kipande kwa kipande, na ndizo zinazoifanya bodi hiyo kuwa flatibedi ingawa kwa mbali inaonekana kama sanduku refu. Nyuma ya tairi la mwisho sakafu inaendelea vizuri, na pembe za juu za nyuma hazina masikio. Alama zote zinaelekea upande mmoja, na ndiyo maana nimeandika bila kusitasita.

Jambo moja la tahadhari: zipo tipa chache zenye kuta za kufunguka, zinazoweza kumwaga hata kwa ubavuni. Kwa hiyo bawaba za chini peke yake hazitoshi kuikataa tipa. Zinatosha zikiambatana na kukosekana kwa jeki na sakafu inayochomoza nyuma, kama ilivyo hapa.

Boza halitawasumbua sana, ila msiishie kuandika boza bila kutazama tumbo lake. Boza la mafuta lina tenki la duara au la yai lililolala, na chini yake ni laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu kuna vifuniko vya kujazia na njia ya kutembelea, nyuma au ubavuni kuna ngazi, na chini kuna valvu. Mara nyingi hubeba kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili. Namba ya chini ikiwa 1202 ni dizeli, ikiwa 1203 ni petroli. Gari la saruji isiyofungwa kwenye mifuko nalo ni la tenki, lakini tumbo lake huteremka na kuwa na ncha moja au zaidi kama herufi V, kwa sababu unga lazima ukusanyike chini kabla hewa haijausukuma nje. Tenki la plastiki lililofungwa kwa kamba juu ya sakafu halilifanyi lori kuwa boza. Hilo ni flatibedi iliyobeba tenki, na kesho linaweza kubeba mbao.

Boksi linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ya makontena. Kontena lililo juu ya trela huonekana kama bodi ya boksi, lakini si sehemu ya lori. Tazama pembe zake nane: kontena lina vipande vizito vya chuma vyenye matundu ya mviringo mrefu kila pembe, kwa ajili ya kunyanyulia na kufungia. Kuta zake ni za bati lenye mikunjo, na limeandikwa herufi nne ambazo ya mwisho kwa kawaida ni U, zikifuatwa na tarakimu saba. Bodi ya boksi iliyojengwa kwenye lori kwa kawaida ina kuta laini, kingo za aluminiamu, na haina matundu hayo. Magari ya baridi, kama yale yanayobeba maua na mboga kutoka upande wa Usa River, yana mashine ya baridi kwenye ukuta wa mbele, juu ya kebini. Hata hivyo yapo makontena ya baridi pia, kwa hiyo mashine hiyo isikufanye usahau kutazama pembe. Kontena juu ya trela ningeliandika flatibedi, na pembeni niongeze neno kontena.

Tuje kwenye ekseli, ambako ugomvi wenu una maana kuliko mnavyodhani, kwa sababu wote wawili wamehesabu sawasawa.

Picha ya ubavuni huonyesha tairi moja kwa kila ncha ya ekseli, hata pale ambapo kwa kweli kuna mawili yaliyopangwa sambamba. Kwa hiyo kwanza hesabu matairi unayoyaona upande mmoja, kutoka mbele: hiyo ndiyo idadi ya ekseli. Kisha tazama kila ringi. Ringi ya mbele, iliyo ya tairi moja, uso wake huchomoza nje na habu huonekana karibu kulingana na ukingo wa tairi. Ringi ya tairi mbili uso wake umezama ndani, ni kama kuchungulia ndani ya sufuria, na habu hutokea katikati ya shimo hilo. Tofauti hii huonekana hata katika picha isiyo safi, kwa sababu ringi iliyozama huwa na kivuli chenye umbo la mwezi mchanga upande wa juu. Trela likiwa na tairi moja pana kila upande, mara nyingi ringi zake huchomoza kama za mbele, ingawa ziko pia ringi za tairi pana ambazo zimezama kiasi. Ukiona shaka hapo, picha ya nyuma ndiyo itakayokata shauri.

Baada ya idadi, pima nafasi. Ekseli zinazofanya kazi kama kundi moja hukaa karibu: katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni kama mita 1.3 hadi 1.4, wakati tairi la lori kubwa lina kipenyo cha takriban mita 1.1. Maana yake ni kwamba kati ya matairi ya kundi moja hubaki upenyo mdogo tu, na likiweza kuingia tairi jingine kati yao, hizo ni ekseli mbili zinazosimama peke yake.

Tatizo ni kwamba picha za kando ya barabara hupigwa kwa mshazari, na mshazari hufupisha urefu wa lori. Watu wengi hulinganisha nafasi ya ekseli na kimo cha tairi, na hapo hukosea, kwa kuwa kimo hakifupishwi. Linganisha nafasi na upana wa tairi lilelile katika picha, yaani kutoka ukingo wake wa kushoto hadi wa kulia, kwa sababu upana huo umefupishwa kwa kiasi kilekile na nafasi iliyo jirani yake. Tairi likionekana kama yai lenye upana nusu ya kimo, basi nafasi nazo zimepungua kwa karibu nusu, na uwiano wa upana kwa nafasi unabaki salama. Fanya hivyo kwa matairi yanayokaribiana tu, maana yale ya mbali yamepungua zaidi.

Katika picha yako kuna tairi moja mbele yenye ringi iliyochomoza. Yanafuata mawili yaliyokaribiana, ringi zake zimezama, na yako chini ya sehemu ambayo trela limeegemea kichwa. Kisha kuna nafasi ndefu yenye miguu ya trela iliyokunjwa, halafu matatu yaliyokaribiana huko nyuma, nayo ringi zake zimezama. Hilo ni semi, kwa sababu mbele ya trela hakuna ekseli yake yenyewe: uzito wa mbele umebebwa na kichwa. Lingekuwa la pulingi, ungeona lori lenye bodi yake kamili, mkono wa kuvutia, na trela lenye ekseli mbele na nyuma. Mpangilio wa picha yako ni 1+2+3, na kwa hesabu ya matairi ni 2, 8 na 12, jumla 22.

Sasa tazama chini ya tairi la kwanza la lile kundi la trela. Matairi mengine yote yamekutana na kivuli chake kwenye lami, lakini hili lina mwanga mwembamba kati yake na kivuli, na habu yake iko juu kidogo ya habu za wenzake. Ekseli hiyo imeinuliwa. Aliyehesabu matairi ameona sita, aliyehesabu yanayogusa barabara ameona tano. Ekseli huinuliwa kwa kawaida lori likiwa tupu au na mzigo mdogo, na turubai lenyewe linalithibitisha hilo, kwani limebonyea kati ya nguzo zake badala ya kujaa kwa mzigo. Kwa hiyo hata ile moramu ya wenzako, siku hiyo huenda haikuwamo.

Andikeni namba zote mbili, kwa sababu atakayetumia takwimu zenu atazihitaji. Kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinavyotumika Tanzania tangu Machi 2019, ekseli ya usukani yenye tairi moja kila upande inaruhusiwa tani 8, kundi la ekseli mbili zenye tairi mbilimbili tani 18, na kundi la tatu tani 24. Lori hili likiwa na ekseli zake zote chini lina uwezo wa kisheria wa tani 50. Likiwa limeinua moja, kundi la trela linakuwa la ekseli mbili, na jumla inakuwa tani 44. Anayekadiria uchakavu wa barabara kwa picha zenu akipewa tano bila maelezo, atadhani ni lori la aina nyingine kabisa.

Fomu yenu ikidai mpangilio wa aina ya 6x4, kumbukeni kwamba namba ya kwanza ni ncha za magurudumu ya kichwa au lori lenyewe, tairi mbili zikihesabiwa kuwa moja, na ya pili ni zile zinazosukumwa na injini. Trela halihesabiwi humo. Kichwa chenye ekseli tatu kinaweza kuwa 6x4 kikiwa na difu mbili, au 6x2 kikiwa na difu moja. Habu ya ekseli yenye difu huchomoza na ina duara la bolti zinazoshika shafti, ilhali ekseli isiyosukumwa hufunikwa kwa kifuniko laini cha mviringo. Kwenye picha yako habu zote mbili za nyuma ya kichwa zina bolti, kwa hiyo 6x4 inakubalika. Picha isipoonyesha habu, andika ekseli tatu na uache difu wazi. Usikisie kwa jina la kampuni iliyotengeneza lori, kwani modeli moja hutoka kiwandani kwa mipangilio tofauti.

Kwa upande wa upigaji picha, mnapopiga mkiwa upande wa kaskazini wa barabara mnaona ubavu wa kushoto wa malori yanayokwenda Moshi. Katikati ya mwaka jua liko kaskazini na huangaza ubavu huo hadi kwenye ringi. Mwezi Desemba jua huwa kusini, na sehemu yote ya chini ya bodi huzama gizani, yaani palepale penye alama mnazozihitaji. Kwa picha za msimu huo, ongezeni mwanga wa sehemu za giza kwenye simu au kompyuta kabla ya kuamua. Na kama mnaweza kupiga mara mbili, ya kwanza ipigwe lori likiwa sambamba nanyi kwa ajili ya ekseli, na ya pili likishapita, ili mwone mlango wa nyuma, upana wa matairi ya mwisho, na difu kama lipo. Palipo na nyasi au bodaboda iliyoziba tairi moja, msihesabu kwa kudhani: andikeni idadi iliyoonekana na alama ya kwamba sehemu imezibwa.